Insha ya septiki shoki: moyo unasukuma lita 7.5 kwa dakika, figo inazima kwa nini?

#1 Mwaka_wa_Tatu

Wakuu habari za jioni. Ninasoma udaktari, mwaka wa tatu. Tumepewa insha ya patofiziolojia: septiki shoki, kuanzia maambukizi hadi viungo kushindwa kazi. Nitaiandika kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka, lakini nimegundua kwamba jambo nisiloweza kumweleza mama yangu kwa Kiswahili huwa bado sijalielewa. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Mgonjwa tuliyepewa ni mama wa miaka 58, ana kisukari, uzito kilo 66. Siku tatu mkojo unamuunguza, ubavu wa kulia unauma, baridi inamtetemesha. Amefika na homa 39.2, presha 82/38, mapigo 124, anavuta pumzi 30 kwa dakika, na maneno yake hayaeleweki vizuri. Kapewa dripu lita 2, presha ikawa 84/40, yaani haikusogea. Lakteti, mabaki ya sukari iliyovunjwa, 5.1. Kreatinini, uchafu ambao figo huutoa, 212, na miezi miwili nyuma ilikuwa 78. Chembe bapa za damu 86,000. Mkojo mililita 15 kwa saa. Damu iliyooteshwa ikatoa E. koli. Mikono yake ni ya moto. Kipimo cha moyo kinaonyesha unasukuma lita 7.5 kwa dakika.

Aya yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Bakteria huingia kwenye damu na kutoa sumu. Sumu huharibu mishipa, presha hushuka, viungo hukosa damu na oksijeni, seli hufa."

Mwalimu kairudisha na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Damu ya vena kuu ya mgonjwa huyu ina oksijeni 79%. Eleza."

Nimekaa na hiyo 79% siku mbili. Kama viungo vimekosa oksijeni, mbona damu inarudi moyoni ikiwa bado imejaa oksijeni?

#2 Tabibu_wa_Kijijini

Mdogo wangu, mimi ni tabibu wa miaka 11, nimewaona wengi. Usijichoshe na asilimia. Shoki ni shoki. Mishipa inavuja, maji yanatoka kwenye damu yanaingia kwenye nyama, tangi linabaki tupu. Tangi likiwa tupu presha inashuka, figo inakufa kwa kiu. Chora mishale minne, eleza kuvuja, malizia na dripu nyingi na antibayotiki. Nilifaulu hivyo.

#3 Binti_Pangani

Poleni na masomo. Naomba kuuliza, huu mshtuko mnaoujadili ndio ule wa moyo? Baba yangu alishtuka ghafla akiwa shambani, kifua kikambana, tukaambiwa ni mshtuko. Hakuwa na homa wala mkojo kumuuma. Najiuliza kama tulichelewa kuona maambukizi.

#4 Zamu_ya_Usiku

Dada Binti_Pangani, pole sana kwa baba. Hayo unayoyaeleza ni mambo ya moyo wenyewe, mshipa unaoulisha moyo umeziba. Ni neno la Kiswahili ndilo linalotuchanganya, kwa sababu "mshtuko" tunautumia kwa moyo, kwa umeme na kwa hofu. Shoki ya hapa ni hali ya mwili mzima kushindwa kulisha seli zake, na chanzo chake ni maambukizi. Hamkuchelewa kuona homa ambayo haikuwepo.

Sasa kwako, Mwaka_wa_Tatu. Nafanya kazi wodi ya mahututi, na miaka kadhaa nimesahihisha insha kama hizi. Mwalimu wako amekupa zawadi. Hiyo 79% ndiyo insha. Lakini usianzie hapo, anzia kwenye presha.

Presha ni zao la vitu viwili: kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma, na ukinzani wa mishipa inapopita. Presha ya wastani ya mama huyu baada ya dripu ni kama 55. Chukulia presha ya vena kuu ni 7. Moyo unatoa lita 7.5. Piga hesabu:

```
(55 - 7) ÷ 7.5 × 80 = 512
```

Ile 80 ni ya kubadili vipimo tu. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 800 na 1200. Kwa hiyo pampu inafanya kazi kupita kawaida, na mabomba ndiyo yamefunguka. Angalia pia ile namba ya chini, 40. Hiyo ndiyo presha inayobaki kwenye ateri wakati moyo unapumzika, na inapokuwa chini namna hiyo ujue mishipa imelegea. Mgonjwa aliyepoteza damu kwa ajali huwa kinyume chake: mikono baridi, mishipa imebana kwa nguvu zote, na zile namba mbili za presha zimekaribiana.

Tabibu yuko sahihi kwamba mishipa inavuja, na bila dripu ya mwanzo moyo huu usingefika lita 7.5. Ila tangi tupu peke yake halielezi kwa nini lita 2 zimeingia na presha imepanda kwa milimita 2. Kwa hiyo swali la kwanza la insha yako ni hili: nani amelegeza mishipa?

#5 Mwaka_wa_Tatu

Daktari, asante sana. Hesabu nimeirudia mara tatu, nimeielewa. Nilikuwa nataka kujibu "sumu ya bakteria imelegeza mishipa". Ni sawa?

#6 Zamu_ya_Usiku

Si sawa, na hapo ndipo insha nyingi hupoteza alama.

Hiyo "sumu" ya E. koli ni kipande cha ukuta wake wa nje, mafuta na sukari vilivyoungana. Chenyewe hakiunguzi wala hakili nyama. Kazi yake kwa bakteria ni kama ya bati kwa nyumba. Lakini chembe zetu nyeupe, hasa makrofaji, zina kipokezi kinachoitwa TLR4 ambacho kinakitambua kipande hicho na kupiga kengele. Kengele ikilia, seli inaanza kutengeneza saitokini, yaani protini za kupeleka ujumbe, na saitokini zinaamsha seli nyingine.

Ushahidi ni mzuri, na unafaa kuingia kwenye insha kwa sababu unaonyesha umefikiri. Kuna ukoo wa panya wa maabara, C3H/HeJ, ambao ukiwadunga kile kipande cha ukuta hawaoni lolote, wakati panya wengine wanakufa. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler lilionyesha kwamba kasoro iko kwenye jeni ya TLR4. Kipokezi hakifanyi kazi, kengele hailii, panya anaishi. Beutler alikuwa miongoni mwa waliopata Nobeli ya tiba mwaka 2011.

Lakini soma upande wa pili. Panya hao hao ukiwaambukiza salmonela hai, wanakufa haraka kuliko wenzao, kwa sababu hakuna anayewaamsha askari. Kengele inayoua ndiyo inayookoa. Mtu akilielewa hilo hatashangaa kwamba dawa nyingi za kuzima saitokini zilizojaribiwa kwa wagonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga viungo, zilishindwa kuwaokoa.

Basi, kengele imelia. Ndani ya saa chache, misuli laini ya mishipa na chembe nyeupe zinaanza kutengeneza kimeng'enya ambacho kawaida hakipo pale, cha kuzalisha naitriki oksaidi. Mishipa yetu ina naitriki oksaidi kila siku, lakini ile ya kawaida hutolewa kwa kipimo, kidogo kidogo, ikifuata mahitaji. Hii mpya haina bomba la kufungia. Inazalishwa tu. Gesi hiyo inaingia kwenye misuli ya ateri na kuiambia ilegee, na msuli ulioambiwa hivyo hauitiki tena kwa adrenalini. Mwili wa mama huyu unamwaga adrenalini nyingi, ndiyo maana mapigo ni 124, lakini mlango unagongwa na hakuna anayefungua.

Hapo hapo kuna milango ya potasiamu kwenye ukuta wa seli za misuli hiyo. Seli ikiishiwa nishati na asidi ikiongezeka, milango hiyo inafunguka, na ikifunguka kalisiamu haiwezi kuingia vizuri. Msuli bila kalisiamu haubani. Halafu vasopresini, homoni ya kubana mishipa, hupanda mwanzoni kisha hushuka chini ya kiwango ambacho ungetegemea kwa presha mbovu namna hiyo.

Sentensi yako sasa iwe: mwitikio wa mwili wenyewe, ulioamshwa na bakteria, ndio uliolegeza mishipa. Ni muhimu kwa sababu antibayotiki ikiua bakteria saa hii, kimeng'enya kilichokwisha tengenezwa kinaendelea na kazi yake. Mgonjwa anaweza kuzidi kushuka baada ya dozi ya kwanza sahihi kabisa.

#7 Nesi_wa_Mvita

Hamjambo nyote. Miye ni nesi wadi ya wanawake, Mombasa. Daktari umenigusa na hiyo mikono ya moto. Tulikuwa na mama aliyejifungua siku ya nne, homa, moyo unaenda mbio, mikono ya moto kama chapati. Mwenzangu akasema huyu damu inafika hadi vidoleni, hana shida. Nilikuwa mgeni kazini, nikanyamaza. Alfajiri alikuwa hajitambui. Mfuko wa mkojo ulikuwa mkavu tangu saa sita usiku, na hakuna aliyekuwa ameuandika.

Sasa kila mgonjwa wa homa ninamwangalia pumzi na mkojo kabla ya mikono. Mwanafunzi, hii uiweke kwenye insha yako kwa lugha yenu ya darasani.

#8 Tabibu_wa_Kijijini

Nesi hiyo ni kweli tupu. Na pumzi 30 ndiyo huwa ya kwanza kuonekana, kabla hata ya presha.

Daktari, naomba nikubishie kidogo. Kama naitriki oksaidi ndiyo mkosaji, si tuizuie tu? Mbona hatuna dawa hiyo?

#9 Zamu_ya_Usiku

Ilijaribiwa, mkuu. Dawa ya kuzuia vimeng'enya hivyo ilipewa wagonjwa wa septiki shoki katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2004. Presha ilipanda kweli. Lakini waliopewa dawa walikufa zaidi, na utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati.

Sababu inayotajwa sana ni kwamba naitriki oksaidi, pamoja na kulegeza ateri kubwa, ndiyo inayoweka wazi vijia vidogo kabisa. Ukiizuia yote unapata namba nzuri kwenye kioo cha mashine na damu isiyofika mahali. Inatuleta kwenye ile 79%.

Moyo unatoa lita 7.5 kwa dakika. Himoglobini ya mama huyu haikutajwa, tuseme ni 11, na damu inayotoka mapafuni imejaa oksijeni 96%. Kila lita inabeba kama mililita 141 za oksijeni, kwa hiyo tishu zinapelekewa kama 1,060 kila dakika. Damu inarudi na 79%. Maana yake tishu zimechukua takriban 190 tu na kurudisha zilizobaki. Kawaida tungeona damu ikirudi na kama 70 hadi 75%, na mgonjwa aliyepoteza damu nyingi hurudisha hata chini ya 60, kwa sababu tishu zenye njaa zinanyonya kila tone.

Angalizo: kipimo hicho ni cha vena ya juu, kinaelezea zaidi kichwa na mikono kuliko tumbo. Usikifanye kuwa cha mwili mzima bila kusema hivyo.

Sasa fikiria soko lililojaa unga na nyumba zenye njaa. Ama barabara za mtaani zimefungwa, unga haufiki. Ama umefika, lakini hakuna moto wa kupikia.

Barabara kwanza. Ndani ya kapilari kuna utando laini unaofunika ukuta, glikokaliksi, kama ukoka juu ya udongo. Kwenye sepsisi utando huu unakwanguka. Ukuta ukibaki wazi, maji yanavuja, chembe nyeupe zinanasa, chembe nyekundu zinakakamaa na kupita kwa shida. Wakati huo huo chembe nyeupe na ukuta wa mishipa vinaonyesha kitu kinachoanzisha kuganda kwa damu, na kile kinachoyeyusha damu iliyoganda kinazuiwa. Vibonge vidogo vinajaa. Ndiko chembe bapa za mama huyu zilikokwenda, zimebaki 86,000 kwa sababu zinatumika. Kuna kamera ndogo inayowekwa chini ya ulimi, na watafiti walioitumia waliona kapilari moja imesimama kabisa na jirani yake damu inakimbia kupita kiasi. Ile inayokimbia haiachi oksijeni njiani, inarudi nayo moyoni. Ile iliyosimama haijachangia kitu kwenye hiyo 79%. Kipimo kinahesabu waliopita tu.

Moto wa kupikia ni mitokondria. Kuna ushahidi kwamba naitriki oksaidi na wenzake wanazuia hatua ya mwisho ya kutumia oksijeni ndani ya seli. Oksijeni ipo mlangoni, seli haiwezi kuitumia.

Kati ya hayo mawili lipi kubwa? Watu wanaojua kuliko mimi bado wanabishana. Andika yote mawili na useme hivyo.

#10 Sampuli_Baridi

Mimi ni wa maabara. Kabla hamjajenga ghorofa juu ya lakteti 5.1, ulizeni imetolewaje. Damu ikikaa kwenye chupa ya kawaida, chembe nyekundu zinaendelea kula sukari na kutoa lakteti humo humo. Saa moja mezani kwenye joto letu na namba inapanda bila mgonjwa kuwa na kosa lolote. Inatakiwa chupa ya floraidi, yenye kifuniko cha kijivu, barafu, na kukimbiza. Mkono ukifungwa mpira muda mrefu huku mgonjwa anaambiwa kunja ngumi, nayo inaweza kuipandisha.

Na hospitali nyingi za wilaya hazina mashine yenyewe. Huwa naletewa ombi la lakteti narudisha "haipo". Mnawapimaje hao?

#11 Zamu_ya_Usiku

Asante sana kwa hilo, insha nyingi huichukua lakteti kama namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Pasipo mashine tunabonyeza ncha ya kidole kwa nguvu, tunahesabu sekunde 10, tunaachia. Rangi ikirudi baada ya zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri. Utafiti wa Amerika ya Kusini wa mwaka 2019, ANDROMEDA-SHOCK, ulilinganisha kufuata kidole na kufuata lakteti, na kidole hakikuonekana kuwa duni. Kwenye ngozi nyeusi ncha ya kidole au kucha husomeka vizuri kuliko paji la uso.

Ila mwanafunzi, kuna kosa lingine hapa. Utataka kuandika "lakteti imepanda kwa sababu hakuna oksijeni". Ni sehemu tu. Adrenalini ile iliyomwagwa inachochea misuli ivunje sukari kwa kasi kuliko mitokondria inavyoweza kupokea, na ziada inageuka lakteti hata oksijeni ikiwepo. Ini lililochoka nalo linashindwa kuisafisha. Kwa hiyo 5.1 inakuambia mgonjwa yuko hatarini sana, na hiyo ni kweli, lakini haikuambii seli imekosa hewa. Kwa fasili ya septiki shoki ya mwaka 2016, mama huyu ni septiki shoki kwa sababu baada ya maji ya kutosha bado anahitaji dawa ya kubana mishipa ili presha ya wastani ifike 65, na lakteti imepita 2. Vyote viwili kwa pamoja. Weka fasili hiyo mapema, mstari mmoja, upite.

#12 Mwaka_wa_Tatu

Dokta, nimeandika upya kurasa mbili za kwanza. Sasa nimefika kwenye viungo na naogopa nitageuza insha kuwa orodha: mapafu, figo, ini, ubongo, moyo, utumbo, kila kimoja mistari miwili.

#13 Zamu_ya_Usiku

Usifanye orodha. Chagua figo, kwa sababu ndiyo mama huyu anayo namba zake, na uieleze hadi mwisho. Vingine vitaje kwa sentensi moja moja.

Na figo itakushangaza. Watafiti wa Melboni, Australia, walichukua kondoo, wakawadunga E. koli hai, na wakapima moja kwa moja damu inayoingia kwenye figo. Utafiti ulitoka mwaka 2006. Damu ya kwenye figo iliongezeka. Na kreatinini ikapanda huku mkojo ukikauka. Figo iliyopata damu nyingi kuliko kawaida imeacha kuchuja.

Maelezo yanayokubaliana na jambo hilo ni haya. Chujio la figo lina mshipa wa kuingilia na wa kutokea. Presha ya kuchuja hutegemea tofauti ya kubana kati ya hiyo miwili. Kama yote miwili imelegea, na wa kutokea umelegea zaidi, damu inapita kwa wingi kama maji kwenye mfereji usio na lango, na hakuna kinachosukumwa kwenye chujio.

Halafu kuna uchunguzi wa miili ya waliofariki kwa sepsisi. Watu walitarajia kukuta figo zimejaa seli zilizokufa. Walikuta seli nyingi ziko hai, uharibifu ni wa madoa madoa, mdogo sana ukilinganisha na jinsi figo ilivyokuwa imezima. Ndiyo maana wengi wetu tunaona kwamba seli zile zimejizima ili zisife: zimepunguza kazi inayokula nishati, yaani kurudisha chumvi, zikabaki na ya kujihifadhi. Na waliopona, wengi figo zao hurudi. Ingekuwa ni nyama iliyokufa, isingerudi hivyo.

Kwa hiyo kwenye aya yako ya kwanza ulipoandika "seli hufa", futa. Andika "seli huacha kazi".

#14 Tabibu_wa_Kijijini

Hapo nimesimama kidogo. Miaka 11 nawaambia ndugu wa wagonjwa "figo imekufa kwa kukosa maji". Sasa Daktari unasema damu ilikuwa nyingi. Kwa hiyo dripu zote zile tulikuwa tunawaua watu?

Nauliza kwa uchungu, si kwa ubishi. Nakumbuka tulivyosomewa ule utafiti wa watoto, FEAST, ulihusisha hadi hospitali ya Teule kule Muheza. Waliopewa dripu ya haraka walikufa zaidi, na wengi wetu hatukuamini.

#15 Zamu_ya_Usiku

Hapana, mkuu wangu, si hivyo, na namba zenyewe zinasaidia. FEAST ilifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ikatangazwa mwaka 2011, zaidi ya watoto 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri. Ndani ya saa 48, kati ya waliopewa maji ya haraka walikufa karibu 10.5 kwa kila 100, na kati ya wasiopewa ya haraka 7.3. Wengi wa watoto hao walikuwa na malaria, wengi wana upungufu wa damu, na hapakuwa na mashine za kupumulia. Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa, kwa hiyo mtoto aliyekaukiwa na kuharisha mpe maji bila kusita. Kisha Lusaka mwaka 2017, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini: kundi lililopewa maji mengi kwa utaratibu wa mapema walikufa 48 kwa 100, kundi la matibabu ya kawaida 33.

Mama wa insha hii huenda ametapika kwa homa, huenda hajala siku tatu, na kisukari huenda kimemkojoza. Lita yake ya kwanza anaihitaji. Swali ni lita ya nne, pale ambapo ukuta wa kapilari umekwanguka na maji unayoweka yanakwenda kwenye mapafu, na kilicholegea bado kimelegea. Huyo anahitaji noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, na kwenye zahanati huna. Hilo halikuwa kosa lako.

#16 Tabibu_wa_Kijijini

Asante. Bado naona kwamba kwetu, pasipo noradrenalini, dripu ndiyo silaha iliyopo, na nitaendelea kuitumia. Ila nitasikiliza mapafu kila nusu lita.

#17 Nesi_wa_Mvita

Swali dogo. Kreatinini 212 tunaiita ya sepsisi kwa kuwa tuna ile 78 ya zamani. Wangu wengi wa sukari hawana kipimo cha nyuma. Utajuaje kwamba figo haikuwa mbovu toka zamani?

#18 Sampuli_Baridi

Rudia baada ya saa 12 hadi 24. Ikipanda au ikishuka upesi, ni ya sasa. Figo mbovu ya zamani kreatinini yake haikimbii namna hiyo. Ila mwenye zote mbili, sina jibu zuri.

#19 Mwaka_wa_Tatu

Hii ndiyo aya mpya ya mwanzo, nawaomba muikosoe:

"Mgonjwa huyu hana upungufu wa mtiririko wa damu, moyo wake unasukuma lita 7.5 kwa dakika. Ana ukinzani wa mishipa wa 512, uliosababishwa na mwitikio wake mwenyewe kwa ukuta wa E. koli. Damu inarudi moyoni na oksijeni 79% kwa sababu mitokondria zimeharibiwa na haziwezi kuitumia. Figo zake zimeacha kuchuja ingawa zinapata damu nyingi."

#20 Zamu_ya_Usiku

Sentensi mbili za mwanzo ziache. Ya tatu umechagua upande mmoja na kuusema kama umeuona kwa macho. Andika kwamba sehemu ya damu inapita pembeni ya kapilari zilizoziba, na kwamba seli nazo huenda haziwezi kutumia kinachofika. Ya nne, damu ya figo za mama huyu hakuna aliyeipima. Ya kondoo ilipimwa. Sema "huenda", kisha mtaje kondoo. Na presha ya vena tuliidhania 7, himoglobini tuliidhania 11, kwa hiyo mwalimu aone umeandika kwamba umedhania.

#21 Mwaka_wa_Tatu

Narudi baada ya wiki mbili. Insha imerudi, nimepata alama nzuri. Chini kabisa kuna wino mwekundu tena: "Kama figo imejizima, nini kinaiwasha?"

Daktari?

#22 Zamu_ya_Usiku

Hatuna dawa ya kuiwasha. Tunaondoa chanzo, na kwa mama huyu usisahau kupiga picha ya figo kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu kama jiwe limeziba mrija na usaha umejaa nyuma yake, antibayotiki peke yake haitatosha hadi pazibuliwe. Tunashikilia presha ya wastani 65, tunaacha dawa zinazoumiza figo, na potasiamu ikipanda bila kushikika tunamsafisha damu kwa mashine. Kisha tunapima mkojo kila saa. Siku moja unaona 30, halafu 50, halafu mfuko unajaa, na hakuna aliyefanya kitu kipya siku hiyo.